Peni ya adrenalini nyumbani: mambo ya kuweka sawa kabla ya siku yenyewe

Kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye aleji yake imewahi kumbana pumzi au kumwangusha, na mmebahatika kupata peni za adrenalini, zile sindano za dharura ambazo mtu wa nyumbani anaweza kumpiga mgonjwa pajani, soma haya leo. Ukisubiri siku yenyewe, hutapata nafasi ya kusoma kitu. Wengi wetu hapa visiwani tunaletewa na jamaa wanaotoka Muscat au Ulaya, tunashukuru, tunazifungia kabatini na funguo anabaki nazo mtu mmoja. Anza hapo: kabati lisifungwe. Peni ikae mahali ambapo hata mtoto wa miaka 10 akiambiwa "kailete" anaifikia.

Ziwe mbili, zikae pamoja. Moja inaweza isitoshe, na utaona chini kwa nini.

Angalia kipimo. Peni ya mtu mzima huwa na miligramu 0.3, ya mtoto mdogo 0.15. Mtoto akikua peni inabadilika, kwa hiyo kila mwaka mpimeni kilo na mumuulize daktari. Angalia na tarehe ya mwisho. Ikiwa imepita, tafuteni nyingine upesi, lakini ya zamani msiitupe kabla mpya haijafika. Mtu akizidiwa na hiyo ya zamani ndiyo pekee iliyopo, na dawa yake bado ni nyeupe kama maji, ipigwe.

Kuhusu joto, huku kwetu lazima tulisemee. Peni inataka kukaa kwenye nyuzi 20 hadi 25, na inavumilia kati ya 15 na 30. Kaskazi ikiingia, nyumba ya bati inapita 30 mchana kweupe, na gari iliyofungwa juani ndiyo usiseme. Basi isikae garini, wala juu ya kabati karibu na bati, wala dirishani. Iweke chumba chenye kivuli, chini chini, ndani ya bomba lake, kwa sababu mwanga nao unaiharibu dawa. Na usiikimbilie friji. Mama wengi wanaona friji ndiyo salama kwa kuwa insulini inakaa humo, lakini baridi inaweza kuharibu springi inayosukuma sindano. Kila mwezi chungulia kidirisha cha pembeni: dawa ikiwa na rangi ya waridi au ya chai, au ina chembechembe, imeharibika.

Namna ya kuipiga ni rahisi, ila kila aina ina rangi zake, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. EpiPen ina kifuniko cha buluu nyuma na ncha ya rangi ya chungwa mbele. Sindano inatokea kwenye chungwa. Jext ina kifuniko cha njano na ncha nyeusi, na sindano inatokea kwenye nyeusi. Ishike kwa ngumi kama unavyoshika mchi, kidole gumba kisikae juu ya ncha yoyote. Yuko mtu alijichoma dole lake kwa kuishika kama kalamu ya kuandikia. Dole likaingia weupe na baridi, na mgonjwa hakupata kitu. Ukifanya hivyo nenda hospitali na wewe. Vuta kifuniko, elekeza ncha kwenye paja upande wa nje, katikati baina ya nyonga na goti, kisha sukuma kwa nguvu mpaka usikie "ta!" Usiiondoe. Karatasi yake itakwambia uhesabu tatu au kumi. Ukisahau, hesabu kumi, haidhuru. Nguo si kizuizi: suruali, kanzu, dera, inapita tu. Epuka pindo nene na mfuko wenye simu au funguo. Mtoto mshike mguu usirukeruke. Ukimaliza utaona dawa nyingi imebaki ndani, usishtuke, peni nyingine zimetengenezwa hivyo na kilichobaki hakitumiki tena.

Lini upige? Mwasho na mabaka ya ngozi peke yake, vidonge vya aleji vinatosha. Lakini sauti ikibadilika, koo likibana, kifua kikipiga filimbi, ulimi ukivimba, au mtu akalegea na kuona kiza, hapo ni peni kwanza. Vidonge havifungui koo wala havipandishi presha. Maziwa na dafu ndiyo kabisa, usimnyweshe mtu ambaye koo linaziba. Mwenye pumu apewe pampu yake baada ya peni, si badala yake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Mdogo wangu wa kike hali kamba. Tulikuwa Pemba, upande wa Konde, kwenye harusi ya jamaa. Alijihadhari, akala sambusa za nyama tu. Kumbe mafuta ya karai lile ndiyo yaliyokaangiwa kamba asubuhi. Ilikuwa kama saa 10:20 alasiri. Baada ya dakika kumi viganja vikaanza kumuwasha, akakohoa kohoa, kisha akaniita, na sauti haikuwa yake. Saa 10:35 nilimpiga peni ya kwanza akiwa amekaa mkekani. Hapo nilifanya sawa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba mkoba ulikuwa begani.

Dawa ilifanya kazi mbele ya macho yetu. Dakika chache tu, pumzi ikafunguka, sauti ikarudi, akawa anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio. Huko kutetemeka ni dawa yenyewe, hupita. Watu ukumbini wakasema alhamdulillahi. Shangazi akaja na buibui lake: "Inuka mwanangu tukuvishe, gari iko nje." Mimi mwenyewe nilimpa mkono. Akasimama. Hakufika mlangoni. Hatua ya tatu uso ukawa kama majivu, macho yakageuka, akaanguka mikononi mwetu.

Nilidhani ni koo. Haikuwa koo. Daktari alinieleza baadaye na nataka kila mwenye peni alijue hili. Aleji ikishika mwili mzima, mishipa ya damu hulegea na kutanuka, na maji ya damu huvuja kuingia kwenye nyama. Hata thuluthi nzima inaweza kutoka kwenye mishipa ndani ya dakika kumi. Damu iliyobaki ni kidogo, na mtu akisimama yote inateremka miguuni. Moyo unapiga lakini hauna cha kusukuma. Peni inakaza mishipa, lakini maji yaliyovuja hairudishi kwa dakika saba. Ndiyo maana mtu anajisikia mzima akiwa chini, kisha akiinuliwa anaondoka. Wako waliokufa hivyo, wakisimamishwa na watu wanaowapenda.

Tulimlaza chali palepale, miguu tukaiweka juu ya mito miwili. Saa 10:46, dakika kumi na moja baada ya ya kwanza, nikampiga ya pili kwenye paja la upande mwengine. Ikipita dakika tano na hali haijatengemaa, au imetengemaa kisha ikarudi nyuma, ya pili hupigwa, usiionee huruma. Akafungua macho. Akasema anataka kukaa. Nikamwambia hapana, lala, hata ukinichukia. Vijana wakamchukua na mkeka wake, mmoja kila pembe, wakampakia nyuma ya pikapu amelala, mimi nimeshika miguu yake juu mpaka hospitali. Walimpima, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka hadi 80. Wakamtundikia dripu na kumwongeza adrenalini.

Kwa hiyo likariri hili: ukishapiga, mgonjwa analala chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe na miguu imenyooshwa mbele, na hata hapo asiteremshe miguu. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Anayetapika au aliyezimia alale ubavu. Haja akiwa nayo, mletee beseni, asipelekwe chooni. Na gari ndiyo imfuate alipo. Bodaboda haifai hata kidogo, hata iwe ndiyo ya kwanza kutokea, kwa sababu ni kumkalisha wima mtu ambaye damu yake iko miguuni. Kama mlango wa gari ni finyu, vunjeni kiti kilale nyuma kabisa.

Pia tofautisha dawa na ugonjwa. Akitetemeka, moyo mbio, kichwa kinamuuma lakini anaongea na macho yako wazi, hiyo ni peni. Akiwa na jasho la baridi, usingizi wa ghafla, mapigo unayatafuta kwenye kifundo cha mkono huyapati, hiyo ni aleji bado inamla.

Halafu msirudi nyumbani haraka. Ilipofika Isha mdogo wangu alikuwa anacheka, na muuguzi wa zamu akasema tunaweza kuondoka, kitanda kinahitajika. Niligoma. Sikuwa na elimu, nilikuwa na woga tu. Saa 5 usiku mabaka yakatoka upya tumboni, kifua kikaanza kubana, akachomwa tena. Peni inaisha nguvu ndani ya dakika kumi hadi ishirini, na aleji inaweza kurudi baada ya saa nyingi bila mtu kula kitu kingine. Aliyehitaji sindano mbili, kama yeye, ni wa kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Omba hivyo kwa adabu lakini usitoke. Mwambie daktari saa uliyopiga ya kwanza na ya pili. Mimi niliziandika kwa wanja kwenye mkono wake, na ilisaidia. Peni zilizotumika nenda nazo, waone kipimo.

Mengine ni madogo lakini yafanye. Skuli wapewe peni na mwalimu aonyeshwe. Wanaotengeneza peni huwa wana za mazoezi zisizo na sindano, mwambie anayekuletea akutafutie moja, muipige mapajani nyumba nzima hadi bibi. Kwenye shughuli usiulize "kuna kamba?", uliza karai limekaangiwa nini tangu asubuhi. Ukipanda boti baina ya Pemba na Unguja, peni zikae kwenye mkoba ulio mapajani mwako, si kwenye begi lililopelekwa na mizigo, na aliyekaa karibu nawe mwambie ziko wapi na kwamba ukianguka asikuinue.