Daftari la zamu mapokezi: kuandika kazi iliyobaki ili anayepokea aimalize

Mwongozo huu ni wa mapokezi ya hoteli ndogo ya ufukweni, mfano wa zile za Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, yenye zamu tatu: saa moja asubuhi hadi saa tisa mchana, saa tisa hadi saa tano usiku, kisha usiku kucha. Unahusu kazi ambazo hazijaisha tu. Hesabu ya fedha na funguo ina karatasi yake na usiichanganye humu.

Hatua ya 1: Daftari liwe moja

Tumia kauntabuku yenye jalada gumu, ikae kaunta, isiondoke. Wasapu haifai kwa kazi hii. Ujumbe wa sauti hauwezi kupitiwa kwa jicho, ujumbe wa kuandika unazama chini ya salamu na picha, na simu inakwenda nyumbani na mwenyewe. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, pitisha mstari mmoja juu ya neno ili lililokuwepo lisomeke.

Hatua ya 2: Anza nusu saa kabla ya kuondoka

Fungua ukurasa wa zamu iliyopita kwanza. Kazi yoyote isiyo na alama ya kufungwa inahamishiwa ukurasa wako pamoja na tarehe yake ya mwanzo. Usiandike "angalia ukurasa wa nyuma", kwa sababu hapana atakayeangalia.

Hatua ya 3: Kila kazi ieleze imefika wapi, nini kifuate, na mgeni ameahidiwa nini

Tazama mstari huu unaoandikwa kila siku: "Kiyoyozi cha 7 kinavuja, fundi kaambiwa." Anayepokea hajui kama fundi amekuja, wala hajui afanye nini mgeni akija kulalamika. Mstari huohuo ukiandikwa sawasawa unakuwa hivi:

> Chumba 7. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kitandani. Fundi amekuja, amezibua bomba la kutolea maji, amekiwasha 14:00 (saa nane mchana). Beseni limekaushwa, limewekwa chini yake. KAZI: tizama beseni 17:00 (saa kumi na moja jioni). Likiwa kavu, funga kazi. Likiwa na maji, mpigie fundi, mhamishie mgeni chumba 9. Mgeni ameshaahidiwa hivyo. Chumba 9 kisiuzwe kabla ya hapo.

Maneno "limekaushwa" yana kazi yake. Beseni likiachwa na maji ya asubuhi, jioni huwezi kujua kama kiyoyozi bado kinavuja au ni yaleyale. Na sentensi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kwenye kompyuta chumba 9 kinaonekana kitupu, kwa hiyo mwenzako atampa mgeni wa kwanza atakayeingia bila kuweka nafasi, na ahadi yako itavunjwa na mtu asiyejua kuwa ilitolewa.

Hatua ya 4: Siku na saa

Hapa pana mitego mitatu, na yote inatokana na namna tunavyozungumza wenyewe.

Wa kwanza ni "saa" ikifuatwa na tarakimu. Mgeni anaomba aamshwe saa sita za kizungu, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Ukiandika "aamshwe saa 6", anayepokea anasoma saa sita. Kanuni ni hii: tarakimu nne zenye nukta mbili ni saa za kizungu, na maneno ni saa zetu. Andika zote mbili pamoja, kila mara, hata pale unapoona hapana shaka. Tofauti yake ni saa sita daima, ila kuanzia 19:00 hadi 23:59 punguza kwanza 12. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, 22:00 ni saa nne usiku. Ukiona tofauti si sita, umekosea pahala, rudi kwenye tiketi.

Wa pili ni "leo" na "kesho". Zamu ya usiku inaandika "kesho" kabla ya saa sita usiku, wa asubuhi anaisoma siku imeshageuka. Maneno haya yasionekane daftarini. Weka jina la siku na tarehe.

Wa tatu ndio mgumu, nao ni neno "usiku wa". Kwa hesabu yetu ya asili siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata magharibi ya Ijumaa. Vijana wengi wa kazini, kwa kufuata kalenda ya kompyuta, wanamaanisha usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumamosi. Sentensi moja, siku mbili tofauti.

Chukua mfano wa mgeni wa chumba 14. Tiketi yake inasema Jumamosi tarehe 15, 02:30. Daftarini imeandikwa: "Chumba 14, gari ya uwanja wa ndege, usiku wa Jumamosi, ndege saa nane na nusu." Dereva mtu mzima akisoma atakuja Ijumaa usiku, naye yuko sahihi. Kijana wa mapokezi akisoma ataagiza gari Jumamosi usiku, wakati ndege imeondoka karibu saa ishirini nyuma. Na hata ikiandikwa "Jumamosi" tupu, mtu anayetizama orodha ya Ijumaa hataiona.

Dawa ni kuandika saa ya gari, wala usiishie kwenye saa ya ndege. Rudi nyuma kutoka kwenye tiketi: mgeni awepo uwanjani saa tatu kabla, yaani 23:30, kutoka Paje njia ni saa moja na kidogo, kwa hiyo ukitoka 22:00 unabaki na akiba. Kisha andika:

> Chumba 14. Gari inaondoka hotelini IJUMAA tarehe 14, 22:00 (saa nne usiku). Ndege ni Jumamosi tarehe 15, 02:30 (saa nane na nusu usiku), nimeinakili kwenye tiketi. Dereva ameitika. KAZI: mpigie tena Ijumaa 20:00 (saa mbili usiku).

Kazi hii iingie kwenye ukurasa wa Ijumaa, siku ya gari. Tarehe uinakili kwenye tiketi yenyewe, usiipokee kwa mdomo, maana mgeni naye huchanganya usiku huu. Wanaofika ni vivyo hivyo: anayetua 00:45 tarehe 15 anahitaji chumba tangu usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani kilipiwe na kitandikwe tarehe 14. Ukiona amewekewa nafasi kuanzia 15, uliza kabla hujakabidhi. Neno "kuamkia" ni zuri, watu wote wanalielewa namna moja.

Hatua ya 5: Safari za baharini zilizoahirishwa

Usihamishe saa ya zamani. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, na upande wetu yakitoka chombo kinakaa mchangani. Safari ya Alhamisi 09:00 ikisogezwa Jumamosi, maji ya namna ileile yatapatikana karibu 10:40. Andika siku mpya, saa iache wazi, na kazi iwe "muulize nahodha".

Hatua ya 6: Kukabidhi

Anayepokea ndiye asome kwa sauti, wewe usikilize. Akikwama au akikuuliza "hii maana yake nini, dada?", usimjibu kwa mdomo tu. Andika jibu palepale chini ya mstari, kwa sababu yeye pia atamkabidhi mwengine. Kisha aweke sahihi na saa, ndipo utoke.