SOMO: Kukataa mzigo uliobondeka mlangoni bila kupoteza pesa yako

Tuchukue mzigo unaosumbua wengi hapa Mwanza. Televisheni ya inchi 43 imenunuliwa mtandaoni kutoka duka la Kariakoo na imelipiwa yote. Imelala usiku kucha kwenye buti ya basi mpaka stendi ya Nyegezi, halafu boda akaifunga nyuma ya pikipiki kuileta Kirumba. Inafika pembe moja ya boksi imebondeka. Kusema "siichukui" ni kazi ya sekunde mbili. Pesa hupotea baadaye, pale rekodi inapoandika kwamba mteja hakupatikana au, mbaya zaidi, kwamba amepokea.

1. Kagua kabla hujatoa chochote. Usitie sahihi, usilipe nauli, na usimtajie boda zile tarakimu za uthibitisho zilizokuja kwenye meseji. Kwa kampuni zinazotumia tarakimu hizo, ukizitaja umeshapokea, hata kama boksi bado liko juu ya pikipiki. Lizungushe boksi uone pande zote sita, na upande wa chini usiusahau. Kwa televisheni angalia pembe iliyobonyea, kingo zilizokatwa na kamba, selotepu ya pili juu ya ile ya kiwandani, na karatasi iliyolainika kwa maji. Ukibonyeza kwa kidole ikaingia ndani, imelowa. Mishale inayoelekeza juu nayo inasema jambo: alama ya kiatu au ya mzigo mwingine kwenye upande mpana ina maana televisheni ililazwa ikakandamizwa, na kioo hupasuka hivyo hata boksi likiwa halijachanika.

2. Usilifungue. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Boksi lililofungwa lenye pembe iliyobondeka ni mzigo ulioharibikia njiani. Ukishalifungua, muuzaji anaweza kudai kioo kimepasuka sebuleni kwako, na wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kinyume chake.

3. Piga video moja isiyokatwa, kama sekunde 40. Anza na lebo mpaka namba ya mzigo isomeke, zunguka pande zote, malizia kwenye jeraha lenyewe huku umeweka kiganja pembeni ili ukubwa uonekane. Kisha piga picha tatu: lebo, jeraha, na boksi zima likiwa mlangoni pamoja na namba ya pikipiki. Mwambie boda waziwazi kwamba hupigi picha ili kumshtaki. Kawaida mzigo ukipita mikono mingi, lawama humwangukia wa mwisho aliyeushika bila kuandika kasoro, na yeye huenda aliuchukua Nyegezi ukiwa hivyohivyo. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya akubembeleze, "Pokea tu mama, utamalizana na muuzaji." Usipokee.

4. Andika kwenye karatasi ya mzigo. Kama ina sehemu ya sahihi ya mpokeaji, iache wazi au ipige mstari, kisha andika pembeni maneno kama haya:

"Mzigo umekataliwa mlangoni, haujafunguliwa. Boksi 1. Pembe ya chini kulia imebondeka, karatasi imechanika kama sentimita 12. Saa 8:20 mchana (14:20)."

Weka tarehe, jina lako na sahihi yako chini ya maneno hayo, naye boda aandike jina lake. Piga picha karatasi kabla hajaondoka nayo. Saa ziandike zote mbili kama hapo juu. Mfumo wa kampuni utaonyesha 14:20, na ukiandika 8:20 peke yake, mtu wa ofisini ataisoma kuwa ni asubuhi na kusema maelezo yako hayalingani. "Boksi limeharibika" tupu halitoshi. Sema wapi na kiasi gani.

5. Tazama anachobonyeza boda kwenye simu yake. Maneno hutofautiana kwa kila kampuni, ila huwa kuna kitu kama `Delivered`, `Refused` na `Customer unreachable`. Hilo la tatu halimletei maswali ofisini, kwa hiyo wengine hulichagua. Likibaki hivyo, muuzaji ataona mteja aliyezima simu, na anaweza kukukata gharama ya kurudisha mzigo. Mwombe achague la kukataliwa mbele yako, na kama kuna nafasi ya sababu, aweke uharibifu.

6. Mjulishe muuzaji kwa maandishi siku hiyohiyo. Kumwambia boda peke yake hakutoshi. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha mwenyewe. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Tuma ujumbe wenye namba ya oda, namba ya mzigo, saa uliyokataa, kumbukumbu namba ya muamala uliolipia, na kiasi unachodai, bei pamoja na usafiri. Usiseme "naomba mnisaidie." Sema "Nimekataa mzigo huu, nadai pesa yangu." Video na picha zitume WhatsApp kama hati, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na taarifa za muda hupotea. Za asili zibaki kwenye simu, na hakikisha ujumbe unaojifuta umezimwa.

Kesho yake fungua ukurasa wa kufuatilia mzigo. Ukikuta sababu si sahihi, piga skrinshoti na udai irekebishwe mapema, kabla mzigo haujafika Dar.

MASWALI YA WANACHAMA

Igoma: Mkuu, boda hana karatasi yoyote, ana simu tu. Naandika wapi?

Andika maneno yaleyale kwenye karatasi ya daftari, iweke juu ya boksi karibu na lebo, upige picha vyote viwili pamoja. Kisha mtumie boda ujumbe mfupi: "Nimekataa mzigo namba fulani, boksi limebondeka." Akijibu hata "sawa," una ushahidi wenye saa. Simu ya kupiga haiachi maneno.

Nansio: Shikamoo. Huku Ukerewe mzigo unashuka na kivuko, na mara nyingi mdogo wangu ndiye anayekwenda kuuchukua bandarini. Mlango wangu ni upi hapo?

Marahaba. Ni pale unapokabidhiwa, iwe kaunta au getini. Sahihi ya mdogo wako ni sahihi yako, kwa hiyo mwambie mapema asitie kabla hajakupigia kwa video. Mzigo ukishapakiwa kwenye bajaji na kufika nyumbani, hilo si kukataa tena, ni malalamiko baada ya kupokea.

Buzuruga: Boksi zima kabisa, lakini ukilitikisa kuna vipande vinalia ndani.

Huo si uharibifu unaoonekana, na kukataa hapo kunabishaniwa zaidi. Rekodi sauti hiyo kwenye video mbele ya boda. Ukiamua kupokea, andika "Kuna sauti ya vipande ndani, yaliyomo hayajakaguliwa" juu ya sahihi yako, kisha fungua hapohapo huku video ikiendelea.

Nyakato: Dada yenu nimeshatia sahihi, nimegundua boda ameondoka. Nimekwisha?

Hujaisha, dada, ila usiseme umekataa, maana sahihi itakusuta. Acha boksi bila kufunguliwa, piga video sasa hivi, na mwandikie muuzaji ndani ya saa hiyohiyo kwamba umepokea boksi likiwa limebondeka na hulikubali. Selotepu isiyoguswa ndiyo utetezi wako, kwa hiyo hata watoto wasiisogelee.

Kirumba: Nilinunua vitu viwili, boksi moja zima, jingine limepasuka. Nikatae vyote?

Kataa lililopasuka tu, na kwenye karatasi andika "Nimepokea 1 kati ya 2" pamoja na namba ya kila boksi. Tarakimu za uthibitisho usizitoe mpaka uone zinahusu boksi lipi. Kama ni moja kwa oda nzima, boda apigie ofisi yake kwanza watenganishe mizigo, na ikishindikana leo, vyote virudi naye.