Laha ya ukaguzi kabla makisio ya asali hayajapelekwa benki

Tuseme chama cha wafuga nyuki mkoani Tabora kinaomba mkopo kwa kutumia makisio ya msimu. Laha ya Makusanyo ina mstari mmoja kwa kila kikundi, na laha ya Mapato inajumlisha kwa wilaya: Sikonge kilo 1,200, Uyui 900, Urambo 800. Dakika za mwisho Kaliua nao wanaleta kilo 450. Kilo zao zinaingizwa Makusanyo, na katika Mapato mstari wao unaongezwa chini ya Urambo, lakini fomula ya jumla imebaki `=SUM(B5:B7)`. Jumla inasoma 2,900 na Excel haitoi ujumbe wowote wa kosa.

Kwa hiyo laha ya ukaguzi iipate jumla hiyo kwa njia nyingine, kutoka safu nzima ya kilo:

```
=IF(ABS(SUM(Makusanyo!F:F)-Mapato!B9)>0.5,1,0)
```

Sifuri ni salama, 1 ni kasoro, ile 0.5 inavumilia vipande vya desimali. Safu nzima haiachi mstari nyuma, ilimradi chini yake hukuweka jumla nyingine. Seli ya jirani ioneshe tofauti yenyewe. Ukikuta 450 huhitaji kutafuta sana: ni Kaliua. Kulinganisha na SUM yenye mipaka ileile hakusaidii, maana zote mbili zitakosea pamoja.

Seli tupu ni za hila zaidi. Bei isipojazwa, Excel huihesabu sifuri, na kikundi kizima kinakosa mapato bila alama yoyote ya kosa. Wengi hutumia COUNTBLANK, ila mtu akiandika “450 kg” seli si tupu, na SUM inairuka. Mimi huhesabu namba zilizopo: kila jina la kikundi katika safu A lazima liwe na namba mbili, kilo na bei.

```
=IF(COUNT(Makusanyo!F2:G200)<>2*COUNTA(Makusanyo!A2:A200),1,0)
```

Kikundi ambacho hakijavuna kiandikiwe 0, kisiachwe wazi.

Linki zilizokatika hazikamatwi zote kwa fomula. `#REF!` utaiona kwa ISERROR. Lakini bei ikivutwa kutoka faili lililo kwenye kompyuta ya karani, kisha faili hilo likahamishwa, Excel inaweza kuendelea kuonesha bei ya mwisho iliyohifadhiwa, hata kama ni ya msimu uliopita. Bonyeza Ctrl+F, tafuta `[`, chagua Within: Workbook na Look in: Formulas. Pitia pia Data > Edit Links (matoleo mapya huiita Workbook Links). Bei utakazokuta ziandike kama namba, pembeni weka tarehe na zilikotoka.

Alama zote zijumlishwe katika seli moja juu ya laha. Usiifunike kwa IFERROR, itakufichia ukaguzi uliovunjika. Kabla ya kutuma, futa bei moja makusudi. Seli ya jumla ya alama ikibaki sifuri, ukaguzi wenyewe ni mbovu na faili lisitoke. Ikiwa 1, bonyeza Ctrl+Z, hifadhi, tuma.