Somo: Barua ya kudai fidia ya mzigo ulioharibika kwa kampuni ya usafirishaji ya nje

Mzigo ukifika umebonyea, kazi inaanza mbele ya dereva. Kabla hujasaini, andika kwenye karatasi yake: "Boksi limebonyea kona moja, bidhaa haijakaguliwa." Ukisaini bila kuandika kitu, sahihi hiyo inakuwa ushahidi wa awali kwamba mzigo ulifika salama. Piga picha boksi kabla ya kulifungua, lebo yenye namba ya mzigo, kisha bidhaa. Boksi usilitupe.

Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unataka malalamiko ya uharibifu yatumwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. Kupiga simu hakutoshi.

Tuchukue inverta ya sola ya kilo 12 iliyofikishwa Kisasa, Dodoma. Anza kwa Kiswahili, ili mambo yapangike kichwani:

> YAH: MADAI YA FIDIA, MZIGO NAMBA (andika namba)
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 5/3/2025 saa nne asubuhi nilipokea inverta moja. Kona ya boksi ilikuwa imebonyea, nami niliandika hivyo kwenye karatasi ya kupokelea. Kioo cha inverta kimepasuka na haiwaki. Naomba nilipwe thamani yake kwa mujibu wa ankara niliyoambatisha.

Unapoigeuza kwa Kiingereza, "Husika na kichwa cha habari" iondoe, wala "Wako katika ujenzi wa taifa" usiitafutie mwenzake. Saa nne asubuhi iwe 10:00. Ukiandika saa 4 utapingana na rekodi yao ya kufikisha mzigo, na dai zima litatiliwa shaka. Mwezi uandike kwa jina, maana Mmarekani ataisoma 5/3 kuwa Mei 3. Usiseme tu "imeharibika". Taja kilichopasuka na kisichofanya kazi. Ombi la fidia lipande aya ya kwanza, kwa sababu anayepokea hupanga madai kwa haraka. Tuma kwa barua pepe pamoja na picha, ubaki na nakala.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi nilishasaini bila kuandika chochote. Nimekosa?*
Hapana, kaka, ilimradi siku 14 hazijapita. Ila sasa ni juu yako kuonyesha kwamba iliharibika njiani. Picha za boksi na maandishi ya fundi zitakusaidia.

*Watanilipa bei yote?*
Si lazima. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha mkataba ni SDR 26 kwa kilo, na SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Inverta yetu ya kilo 12 inaishia SDR 312, isipokuwa mtumaji alitangaza thamani na kulipia nyongeza. Hata hivyo dai thamani kamili, kisha wao ndio wataje kikomo.

*Na kama ulikuja kwa posta?*
Hapo utaratibu ni mwingine, mama. Peleka malalamiko posta ulikopokelea mzigo, na mwambie mtumaji naye adai posta ya kwao.