Ankara, risiti, kadi na saini ya barua pepe: kuzipa jina moja katika ofisi ndogo ya ushauri

Ofisi nyingi ndogo za ushauri zinapoanza kujijengea chapa huweka fedha yao kwenye bango la mlangoni na kwenye jalada la ripoti. Ripoti husomwa na meneja na wajumbe wa bodi, lakini anayeandaa vocha ya malipo ni mhasibu, ambaye huenda asiifungue ripoti hiyo hata siku moja. Yeye huijua ofisi yako kwa ankara uliyomletea, kwa risiti utakayompa, na kwa namba anayoitafuta kwenye kadi au chini ya barua pepe anapotaka kuuliza jambo.

Tuchukue mfano wa ofisi ya washauri wawili iliyopo Shangani, Mtwara mjini, ambayo haijasajiliwa kwa VAT. Imemaliza kazi ya siku 6 katika AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Tandahimba, ikipanga upya daftari la mapokezi ya korosho na kuwafundisha makarani wa ghala kabla ya msimu, kwa shilingi 400,000 kwa siku.

Hatua ya 1: Amua jina, kabla ya nembo

Andika kwenye karatasi moja jina la ofisi kama lilivyo katika cheti cha BRELA, kama lilivyo kwenye TIN, kama lilivyo kwenye akaunti ya benki, na kama linavyotoka kwenye risiti ya mashine ya EFD. Kisha andika jina lililopo kwenye kadi na kwenye barua pepe zako. Mara nyingi utakuta kadi ina kifupisho cha kuvutia, akaunti ina jina la mwenye ofisi, na risiti ina jina refu la usajili. Mhasibu makini akiona ankara yenye jina moja inaomba fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina jingine, huiweka pembeni, na ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa mkaguzi atamuuliza yeye.

Jina la kwenye risiti ya EFD hutokana na usajili wako TRA, wala huwezi kulipamba. Kwa hiyo jina hilo ndilo liwe kipimo, na karatasi nyingine zote zilifuate. Ukipenda kuendelea na kifupisho, kiweke juu kwa herufi kubwa na jina kamili chini yake, kwa mpangilio uleule kila mahali.

Hatua ya 2: Itengeneze ankara kwa ajili ya mtu anayelipa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Sehemu ya juu iwe na jina, TIN, mahali ofisi ilipo na namba moja ya simu. Chini yake weka jina kamili la mteja, namba ya ankara, tarehe ya kuitoa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Namba ya ankara ifuate mfululizo mmoja usiorudiwa, kwa mfano 2025/014.

Maelezo ya kazi ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Neno «Ushauri» likiachwa peke yake halimsaidii mhasibu kueleza matumizi mbele ya bodi. Katika mfano wetu, mstari uandikwe hivi: «Kupanga upya daftari la mapokezi ya korosho na kuwafundisha makarani wa ghala, siku 6 kwa shilingi 400,000». Mtu aliyesoma mstari huo amekwisha kujua ofisi hii inafanya kazi gani, hata kama hajawahi kukutana na mshauri mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi ya chapa.

Kisha onyesha hesabu mpaka mwisho. Mteja anayelipia huduma ya kitaalamu ya mkazi hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuiwasilisha TRA, kwa hiyo fedha itakayoingia benki si jumla ya ankara.

```
Jumla ya ankara        2,400,000
Kodi ya zuio 5%          120,000
Kiasi cha kulipa       2,280,000
```

Ongeza sentensi moja inayoomba cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu bila cheti hicho itakuwa vigumu kudai kuwa shilingi 120,000 zimekwisha kulipwa kwa niaba yako. Iwapo ofisi yako imesajiliwa kwa VAT, onyesha VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, na mstari wa VAT, na kodi ya zuio ikokotolewe kwenye kiasi kabla ya VAT.

Kuhusu rangi, tumia moja iliyokolea, na maandishi yote yawe meusi. Ankara yako itachapwa kwa printa ya wino mweusi, itatolewa nakala, kisha itapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa mwenyekiti. Ijaribu kwa njia hiyohiyo: ichape, itoe nakala, ipige picha, halafu usome namba ya akaunti kwenye kioo cha simu. Nembo ya njano au ya rangi ya machungwa iliyopauka hupotea kwenye nakala ya kwanza.

Itume ikiwa PDF, na kwenye WhatsApp iambatanishe kama faili badala ya picha, kwa kuwa picha hubanwa na tarakimu hufifia. Jina la faili nalo linaonekana: `Ankara-2025-014.pdf`, likitanguliwa na jina la ofisi, litapatikana kwa urahisi kuliko `Document1.pdf`.

Hatua ya 3: Ifungamanishe risiti na ankara

Risiti ya EFD itolewe kwa shilingi 2,400,000, hata kama benki inaonyesha 2,280,000, kwa sababu kodi iliyozuiwa ni sehemu ya malipo yako. Tofauti hii huleta maswali mengi, na mistari mitatu ya ankara ndiyo inayoyajibu mapema.

Karatasi ya risiti hiyo hufifia kwa joto. Itolee nakala siku hiyohiyo, andika juu ya nakala namba ya ankara, kisha mpe mteja vyote viwili ndani ya bahasha yenye jina lako. Bahasha na ujumbe mfupi unaoisindikiza risiti ndizo nafasi ulizo nazo za kuonekana hapa.

Hatua ya 4: Kadi

Kadi ya milimita 85 kwa 55 inatosha. Mpe mchapaji faili lenye ziada ya milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu hakikati mahali palepale kila mara, na uombe karatasi ya gramu 300 au zaidi isiyong'aa upande mmoja, ili mtu aweze kuandika kwa kalamu. Badala ya cheo cha «Mkurugenzi Mtendaji» katika ofisi ya watu wawili, andika kazi yenyewe: «Hesabu na kumbukumbu za vyama vya ushirika». Meneja wa AMCOS akiikuta kadi hiyo mezani baada ya miezi kadhaa atajua kwa nini aliitunza.

Hatua ya 5: Saini ya barua pepe

Saini iwe maandishi matupu. Saini iliyotengenezwa kama picha huzuiwa na baadhi ya programu za barua pepe, na namba iliyomo ndani ya picha haiwezi kubonyezwa ili kupiga simu.

```
Jina lako
Hesabu na kumbukumbu za vyama vya ushirika
Jina la ofisi kama lilivyo kwenye risiti ya EFD
Simu na WhatsApp: +255 ...
Shangani, Mtwara
```

Kwenye Gmail ya kompyuta fungua `Settings`, kisha `See all settings`, na ushuke hadi `Signature`. Programu ya Gmail kwenye simu ina saini yake ya pekee, kwa hiyo irekebishe nayo pia. Washauri wote wawili watumie mpangilio huohuo, wakibadilisha jina na namba tu. Na namba ikibadilika, ibadilishe kwanza kwenye kiolezo cha ankara, kisha kwenye saini, halafu uagize kadi mpya.