Pikipiki ya dukani: taja taa, usitaje mng'aro

Ukiagiza programu ya AI ichore bodaboda ya cc 125 kwa tangazo la duka la Kisumu, usiandike tu "rangi inayong'aa". Andika kinachoonekana ndani ya rangi: "taa mbili ndefu za dari zimeakisiwa kwenye tangi kama mistari myeupe". Bila kitu cha kuakisi, programu hubandika madoa meupe ovyo. Kwa magurudumu, taka pikipiki ionekane ubavuni kabisa, ili yawe duara kamili, na nafasi kati yake itoshe gurudumu moja jingine. Pikipiki ikigeuka kidogo, duara huwa yai na kosa hujificha. Spoki bado huchanganyikana: zikikatika kabla ya kufika kitovuni, chagua gurudumu hilo pekee lichorwe upya.