Kugawa bafu moja kwa watu 9: vese peke, dushi peke

Kwa yaya wangu pale Katoyi, Goma, wanaishi watu 9 na walikuwa na chumba kimoja tu, vese na dushi pamoja, mlango mmoja. Mtu mmoja akioga dakika 10, mara 9 hiyo ni saa moja na nusu, na wakati wote huo vese iko imefungwa, hata kama mtoto tumbo linamuuma. Kuchimba fosi ingine kwenye mawe ya volkano ni pesa nyingi sana, kwa hiyo tuligawa kile kile chumba. Vipimo njo hivi.

1. Pima

Chumba kilikuwa metri 2,60 kwa 1,80, na upande mrefu njo ulikuwa unaangalia kuluwari, kwa hiyo kila sehemu ilipata mlango wake. Kama kwako ni upande mfupi njo uko kwa kuluwari, tafuta kwanza kama unaweza kutoboa mlango wa dushi kwa nje, juu ukilazimika kupita ndani ya dushi ili ufike vese, bado hujagawa kitu. Vese ilichukua santimetri 95, ukuta 10, dushi 155. Usishuke chini ya 80 kwa vese, viwiko vitagusa ukuta, na mbele ya kiti acha 60 za magoti. Kiti kibaki pale pale kilipokuwa, usihamishe tuyo la 110.

2. Ukuta

Bloki za 10, hadi kwa plafo. Triplekisi hapana, unyevu utaivimbisha. Kila upande uwe na tundu lake la klostra kwa ukuta wa nje.

3. Sifoni ya dushi

Hapa njo watu wengi wanaharibu, nendeni pole pole. Zamani maji ya dushi yalikuwa yanaingia ndani ya tuyo la vese, na masoni akataka iendelee hivyo. Nikakataa. Sifoni inazuia harufu kwa sababu ya maji kidogo yanayobaki ndani yake, karibu santimetri 5 tu. Sasa Goma robine inakauka, watu wanamwaga ndoo nzima ndani ya vese kwa mara moja, na maji yale yakishuka kwa nguvu yanavuta hewa, na hewa ikikosa pa kuingilia yanavuta yale maji ya sifoni, kisha harufu ya fosi inapanda kwenye dushi. Kupima ni rahisi: mmoja amwage ndoo vese, mwingine amulike sifoni na torshi. Ukisikia inagugumia na maji yanashuka, njo ile shida. Unaweza kuweka tuyo la hewa linalopanda hadi juu ya paa, lakini mimi napenda zaidi kutenganisha kabisa: tuyo la 50 la dushi peke yake, linatoka nje linaenda kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na sitèrne. Na fosi pia haijai haraka na maji ya kuoga. Tuyo lenyewe lishuke santimetri 2 kwa kila metri, letu lilikuwa na metri 3, kwa hiyo 6.

Lakini sifoni inahitaji nafasi chini yake na dale ya zamani hatukutaka kuivunja, basi tuliinua sakafu ya dushi: 12 pale kwenye sifoni, ambayo iko kwenye kona ya ukuta wa nje, na 16 pale mlangoni, kwa sababu kutoka mlango hadi sifoni ni karibu metri 2 na sakafu pia inashuka 2 kwa kila metri. Inakuwa kama ngazi moja ya kupanda, wazee wawekewe kishikio ukutani. Kuchora nivo tumia tuyo la plastiki linaloonekana maji ndani, ila hakikisha hamna povu la hewa, hata kamoja, juu litakudanganya. Simenti ikikauka, kabla ya karo, mwaga ndoo ya maji, ngoja kidogo, halafu zungushia chaki kila mahali maji yamesimama na ujaze hapo. Masoni akikuambia karo itarekebisha, usikubali, karo inafuata tu kile kilicho chini yake. Na chukua karo ndogo za 10 kwa 10 zisizoteleza, zile kubwa za 40 haziwezi kupinda kuelekea sifoni.

4. Milango

Ya vese ifunguke kwa nje, mtu akianguka ndani mnaweza kumtoa. Ya dushi kwa ndani, ili isigongane na ile ingine.

5. Lavabo

Weka kwenye kuluwari, katikati ya milango miwili, anayepiga mswaki asifunge chumba. Tuyo lake la maji machafu liende pamoja na la dushi, na liwe na sifoni yake. Pipa la lita 200 likae ndani ya dushi karibu na mlango, na bido moja ya lita 20 ibaki vese imejaa kila jioni.